Kitendo gani kinafuata "in", "idha" na "law" katika Kiarabu

*Assalaamu alaykum ustadhi. Ninasoma nahau ya Kiarabu mwaka wa pili. Katika zoezi niliandika "In tadrusu tanjahu", "Idha tadrus tanjah" na "Law tadrus latanjah", na mwalimu akazikata zote tatu bila maelezo. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba Ajurrumia niliyoihifadhi inaitaja idha mwishoni mwa zana za jazma. Naomba unifafanulie kila zana inataka kitendo cha namna gani, na kwa nini.*

Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Sentensi zako, zikisahihishwa, zinakuwa hivi: *In tadrus tanjah*, *Idha darasta najahta*, na *Law darasta lanajahta*. Ya kwanza ilikosa jazma katika vitendo vyote viwili. Ya pili ilipewa jazma isiyostahili. Ya tatu ilibebeshwa mudhari mwenye jazma mahali panapotaka madhi. Ukitazama vizuri utaona kwamba uliipa kila zana hukumu ya mwenzake, na jambo hilo huwapata wanafunzi wengi wanaozungumza Kiswahili, kwa sababu "ukisoma utafaulu" yetu inabeba maana ya *in* na ya *idha* kwa pamoja, wala kitendo chetu hakibadiliki mwisho kwa sababu ya neno lililotangulia. Katika mifano nitakayotoa, irabu ndefu nimeiandika kwa herufi mbili pale tu ambapo urefu wake unahusika na kanuni.

Tuanze na *in*, kwa kuwa ndiyo mama wa zana za sharti. *In* ni herufi, na kazi yake ni moja tu: kufunga kitendo cha kwanza na cha pili ili kimoja kitegemee kingine. Cha kwanza huitwa kitendo cha sharti na cha pili jawabu la sharti. Herufi hii inapokutana na mudhari huujazimu, na haiishii kwenye ule ulio jirani nayo, bali nguvu yake hufika hadi kwenye jawabu. Hapo ndipo inapotofautiana na *lam*, ambayo hujazimu kitendo kimoja ikatosheka. Kwa hiyo *tadrusu* inapoteza dhumma yake na kuwa *tadrus*, na *tanjahu* inakuwa *tanjah*.

Alama ya jazma haiwi sukuni kila mara, na hapa ndipo penye kazi. Soma aya ya 7 ya Sura Muhammad: *in tansuruu llaha yansurkum wa yuthabbit aqdaamakum*, yaani mkimnusuru Mwenyezi Mungu atawanusuru na ataithibitisha miguu yenu. Kitendo cha sharti asili yake ni *tansuruuna*. Nuni imeondoka, na kuondoka kwake ndiko jazma yenyewe. Jawabu, *yansurkum*, lina sukuni juu ya *ra*. Kisha *yuthabbit* nayo ina sukuni, si kwa sababu *in* imeifikia moja kwa moja, bali kwa sababu imeunganishwa na jawabu kwa *wa*, na kilichounganishwa hufuata hukumu ya kilichotangulia.

Mfano wa pili unaonyesha mabadiliko mengine. Katika Sura Ibrahim, aya ya 19, tunasoma *in yasha' yudh-hibkum wa ya'ti bikhalqin jadid*: akitaka atawaondoa na kuleta viumbe wapya. *Yasha'* imetoka katika *yashaa'u*. Hamza ya mwisho ilipopata sukuni, ikakutana na alifu iliyo kabla yake, ambayo nayo haina harakati. Kiarabu hakivumilii sukuni mbili namna hiyo, basi alifu ikadondoka. Ndiyo sababu vitendo vyenye herufi dhaifu katikati hufupika vinapojazimiwa: *yakuunu* inakuwa *yakun*, *yaquulu* inakuwa *yaqul*. *Ya'ti* ni jambo jingine. Asili yake ni *ya'tii*, yenye herufi dhaifu mwishoni, na huko jazma haitafuti sukuni, bali huikata herufi yenyewe na kuacha kasra ikiashiria kilichoondoka. Basi ndani ya sentensi moja una sukuni iliyofupisha kitendo, sukuni ya kawaida, na kukatwa kwa herufi.

Hili lina faida kubwa unaposoma maandishi yasiyo na harakati. Sukuni haionekani kwenye karatasi: *tadrusu* na *tadrus* huandikwa sawasawa, na msomaji ndiye anayetakiwa kujua. Lakini nuni iliyodondoka, alifu iliyotoweka katikati na ya iliyokatwa mwishoni vinaonekana kwa macho. Ukiandika *in tadrusuuna* kwa wingi, kosa lako litaonekana na kila mtu, hata asiyetia harakati. Na ukikuta kasra mwishoni mwa kitendo kilichojazimiwa, kama katika *in tadrusi l-kitaba tanjah*, usidhani kanuni imevunjika. Ni kasra ya kupitia tu, iliyowekwa kwa sababu sukuni ya *tadrus* imekutana na *lam* ya *al* iliyo na sukuni pia.

*In* hukubali madhi vilevile, na mfano wake uko ulimini mwako kila siku: *in shaa'a llah*. *Shaa'a* ni madhi, lakini hakuna anayesema inshallah akikusudia jambo lililokwisha kupita. *In* humgeuza madhi akaelekea wakati ujao, ila haiwezi kuubadilisha mwisho wake, kwa kuwa madhi ni kitendo kisichobadilika mwisho. Wananahau husema kiko mahali pa jazma. Ndivyo ilivyo katika Sura Al-Israi, aya ya 8, *wa in 'udtum 'udnaa*, mkirudi nasi tutarudi. Basi *in darasta najahta* ingekuwa sahihi kabisa katika zoezi lako. Waweza pia kuchanganya: sharti likawa madhi na jawabu mudhari, *in darasta tanjah*. Hapo jazma ya jawabu ndiyo iliyo bora, ingawa dhumma imeruhusiwa, kwa sababu *in* haikuonyesha athari katika kitendo cha kwanza, na nguvu yake juu ya cha pili ikahesabiwa kuwa imelegea. Kinyume chake, sharti mudhari na jawabu madhi, ni nadra, na nakushauri usikiandike.

Sasa tuingie kwenye *fa*, maana mwanafunzi akishajua jazma, makosa yake yote yaliyobaki katika *in* huwa hapa. Huenda umehifadhi ubeti usemao *ismiyyatun talabiyyatun wa bijaamidin, wa bimaa wa lan wa biqad wa bittanfiisi*, unaokusanya mahali ambapo jawabu lazima litanguliwe na *fa*: jumla ya jina, jumla ya amri au katazo au ombi, kitendo kisichonyambulika kama *laysa* na *'asaa*, kisha jumla inayoanza na *maa* ya kukanusha, *lan*, *qad*, na *sa* au *sawfa*. Ubeti ni mzuri kuhifadhi, lakini kuna kipimo kimoja kinachoyaeleza yote. Chukua jawabu lako ulijaribu mara moja baada ya *in*. Likikubalika hapo kama sharti, halihitaji *fa*. Likikataa, *fa* ni lazima. Huwezi kusema *in qad*, wala *in sawfa*, wala *in lan*, wala kuifuatisha *in* na kitendo cha amri. Jawabu la namna hiyo halishikiki kwa mkono wa *in*, na *fa* huja kulifunga.

Sikiliza kauli ya Nabii Isa katika Sura Al-Maida, aya ya 118: *in tu'adhdhibhum fa'innahum 'ibaaduk, wa in taghfir lahum fa'innaka anta l-'aziizu l-hakiim*. *Tu'adhdhib* na *taghfir* zimejazimiwa kama kawaida. Majawabu yote mawili ni jumla za jina zinazoanza na *inna*, na hakuna kitendo cha kujazimu ndani yake, kwa hiyo *fa* imekuja mara mbili. Katika Sura Yusuf, aya ya 77, ndugu zake wanasema *in yasriq faqad saraqa akhun lahu min qabl*: akiiba, basi ndugu yake aliiba kabla yake. Hapa *fa* na *qad* zinafanya kazi ambayo pasipo hizo maana ingeharibika. Wizi wa nduguye ni wa zamani na hauwezi kuwa matokeo ya wizi wa sasa. Lau wangesema *in yasriq saraqa* bila *fa*, *in* ingemvuta madhi huyo kwenye wakati ujao. *Qad* imembakisha katika wakati wake uliopita, na *fa* imelifanya jawabu kuwa hoja inayofuata sharti, si tukio linalozaliwa nalo.

Kwa upande wa amri, tazama aya ya 31 ya Al-Imran: *qul in kuntum tuhibbuuna llaha fattabi'uunii yuhbibkumu llah*. Kitendo cha sharti ni *kuntum*, si *tuhibbuuna*, na ndiyo maana nuni ya *tuhibbuuna* imebaki salama. Wengi huikata kwa sababu wameona *in* ikiwa karibu. Jawabu ni *fattabi'uunii*, amri, ikashikwa na *fa*. Kisha *yuhbibkum* imejazimiwa kwa sababu ni matokeo ya amri hiyo: nifuateni, atawapendeni.

Ukanushaji katika sharti la *in* huja kwa *lam* au kwa *laa*. Kwa *lam* utasema *in lam tadrus falan tanjaha*. Jawabu limepata *fa* kwa sababu ya *lan*, na *tanjaha* ina fat-ha kwa sababu *lan* hunasibu. Ukipenda jawabu lisilo na *fa*, sema *in lam tadrus lam tanjah*, maana *in* hukubali kufuatwa na *lam*. Ama *laa* ikikutana na *in* huungana ikawa *illaa*, na hapa wasomaji hupotea wakidhani ni ile *illaa* ya kuvua. Aya ya 40 ya Sura At-Tawba yaanza *illaa tansuruuhu faqad nasarahu llah*, yaani msipomnusuru, basi Mwenyezi Mungu alikwisha kumnusuru. Alama zinazokujulisha ni mbili, nuni iliyokatwa katika *tansuruuhu* na *fa* iliyo mbele ya *qad*.

Kabla hatujaiacha *in*, kuna mtego mmoja ambao huwanasa hata walioendelea. Sura Ibrahim, aya ya 7: *la'in shakartum la'aziidannakum*. Mwanafunzi huuliza kwa nini jawabu halikuwa *azidkum* kwa jazma. Sababu ni hiyo *la* iliyotangulia *in*: ni *lam* ya kuandaa kiapo, na mbele yake kuna kiapo kilichofichwa. Kiapo na sharti vikikutana katika sentensi ya namna hii, jawabu huchukuliwa na aliyetangulia, na hapa aliyetangulia ni kiapo. Jawabu la kiapo lenye mudhari wa kuthibitisha wa wakati ujao huja na *lam* na nuni ya mkazo, ndiyo hiyo *la'aziidanna*. Kwa hiyo kila unapoona *la'in*, usitazamie jazma wala *fa*.

Sasa *idha*, na nianze na Ajurrumia, kwa sababu umeihifadhi lakini naona hukuyapa uzito maneno yake ya mwisho. Ibn Ajurrum, aliyefariki mwaka 723 wa Hijria, alisema jawazimu ni kumi na nane, akazitaja zote, kisha akaongeza: *wa idha fi shshi'ri khaassatan*, na *idha* katika ushairi peke yake. Ukizihesabu zana zake utazipata kumi na nane kabla hujafika kwenye *idha*. Yenyewe ni nyongeza iliyofungwa kwa sharti. Mfano unaotolewa na wananahau ni nusu ya ubeti isemayo *wa idha tusibka khasaasatun fatajammali*, ufukara ukikupata, basi jistahi. *Tusibka* ingekuwa *tusiibuka*, lakini mizani ilimbana mshairi akajazimu. Katika nathari, na mazoezi ya shuleni ni nathari, haruhusiwi mtu kufanya hivyo.

Kwa nini *idha* hainyimwi maana ya sharti lakini hunyimwa jazma? Kwa sababu ya nafasi yake katika sentensi. Ni jina la wakati, karibu na "pindi" au "wakati ambapo", na jumla inayoifuata ni mudhafu ilayhi wake. Jina lililofungamana hivyo na jumla iliyo mbele yake halina nguvu ya kukikata kitendo chake. Ipo sababu nyingine ya kimaana, nayo ndiyo nzito zaidi. Jazma katika sharti inakwenda pamoja na shaka: *in* husemwa kwa jambo ambalo huenda likawa, huenda lisiwe. *Idha* husemwa kwa jambo ambalo msemaji analitazamia kutokea, na swali lililobaki ni lini. Ndiyo maana sura kadhaa za Juzuu Amma zinazoeleza Kiyama hufunguliwa kwa *idha*: *idha shshamsu kuwwirat*, *idha ssamaa'u nfatarat*, *idha zulzilati l-ardu zilzaalahaa*. Kuziweka *in* hapo kungetia shaka palipo na yakini. Kwa mfano wa nyumbani, mtu husema *idha tala'ati shshamsu kharajtu*, jua likichomoza nitatoka, wala hasemi *in*, ila awe na shaka kama jua litachomoza.

Kitendo kinachofuata *idha* kwa kawaida ni madhi, na maana yake ni ya wakati ujao au ya jambo la mazoea. *Idha jaa'a nasru llahi wal-fat-h* haitufahamishi kwamba nusura ilikuja, bali itakapokuja. Jawabu lake ni *fasabbih*, amri iliyoshikwa na *fa*, kwa kuwa kanuni ya *fa* tuliyoieleza inafanya kazi hapa pia. Mudhari huruhusiwa baada ya *idha*, ukiwa na dhumma yake kamili. Ubeti mmoja wa Abu Dhuayb al-Hudhali unakusanya namna zote mbili: *wannafsu raaghibatun idha raghghabtahaa, wa idha turaddu ilaa qaliilin taqna'u*. Nafsi hutamani ukiitamanisha, na ikirudishwa kwenye kichache hukinai. Katika nusu ya kwanza *idha* imefuatwa na madhi, na katika ya pili na *turaddu*, mudhari marfuu, na jawabu lake *taqna'u* nalo lina dhumma. Hivyo ungeandika *idha tadrusu tanjahu* usingeonekana umevunja kanuni. Kilichokuponza ni sukuni.

Jihadhari na *idha lam tadrus*. Hapo utaona sukuni baada ya *idha* ukadhani umepata ushahidi. Sukuni hiyo ni ya *lam*, na ingekuwepo hata kama *idha* isingekuwepo.

Nikupe aya moja ya kufanyia mazoezi kwa utulivu, kwa sababu ndani yake *in* na *idha* zimewekwa bega kwa bega. Ni aya ya 36 ya Sura Ar-Rum: *wa idha adhaqnaa nnaasa rahmatan farihuu bihaa, wa in tusibhum sayyi'atun bimaa qaddamat aydiihim idha hum yaqnatuun*. Tunapowaonjesha watu rehema huifurahia, na likiwapata baya kwa yale iliyotanguliza mikono yao, mara hao wanakata tamaa. Kwenye rehema imetumika *idha*, pamoja na madhi wawili, *adhaqnaa* na *farihuu*. Rehema ni jambo la kawaida kwa watu, linatazamiwa, na madhi kwa umbo lake hulionyesha kana kwamba limekwisha kuwa. Kwenye baya imetumika *in*, pamoja na mudhari uliojazimiwa, *tusibhum*, iliyofupishwa kutoka *tusiibuhum*. Baya ni la mara chache, na limeletwa kwa sura ya jambo linaloweza kuwa au lisiwe. Wanabalagha wameipenda sana tofauti hii, na wanaitaja pia katika aya ya 131 ya Sura Al-A'raf, ambako wema umekuja kwa *idha* na ubaya kwa *in* kwa mpangilio huohuo.

Halafu angalia jawabu la *in* katika aya hiyo. Ni *hum yaqnatuun*, jumla ya jina, ambayo kwa kipimo chetu ilihitaji *fa*. Haikuja *fa*, ila *idha*. Hii si *idha* ya sharti hata kidogo. Ni *idha* ya ghafla, ile yenye maana ya "mara", ambayo hufuatwa na jumla ya jina na huruhusiwa kukaa mahali pa *fa* katika jawabu. Basi katika aya moja una *idha* mbili zenye kazi mbili, na anayezitafsiri zote kwa "wakati" hupoteza nusu ya maana. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kutazama kinachofuata: ya sharti inadai kitendo, ya ghafla inadai jina. Utanikumbusha kwamba katika *idha shshamsu kuwwirat* limefuata jina. Ni kweli, lakini wananahau wa Basra hukadiria kitendo kilichofichwa kabla ya *shshamsu*, kinachofasiriwa na *kuwwirat*, na hukadiria vivyo hivyo panapotokea jina baada ya *in*. Wa Kufa hawakuona haja ya makadirio hayo. Kwa mtihani wako shika kauli ya Basra, maana ndiyo inayofundishwa.

*Law* inatoka katika njia nyingine kabisa. *In* na *idha* zinatazama mbele, na *law* inatazama nyuma, kwenye jambo ambalo halikuwa. Kwa kuwa wakati wake ni uliopita, kitendo chake cha asili ni madhi pande zote mbili, na hapo jazma haina mahali pa kuingia. Nasi tumeirithi zana hii katika "lau", na viambishi vyetu *-nge-* na *-ngali-* vinaifuata vizuri: *law darasta lanajahta*, lau ungalisoma ungalifaulu, na maana yake iliyofichika ni kwamba hukusoma wala hukufaulu. Kiarabu hakitenganishi *-nge-* na *-ngali-* kwa umbo la kitendo. Msomaji hujua kwa muktadha kama fursa ingalipo au imekwisha kupita.

Lam iliyo katika *lanajahta* ni ya jawabu la *law*. Jawabu likiwa madhi wa kuthibitisha, lam hii huja mara nyingi, kama katika Sura Al-Anbiyaa, aya ya 22: *law kaana fiihimaa aalihatun illaa llahu lafasadataa*. Lakini si wajibu. Katika Sura Al-Waqia, kuhusu mazao, aya ya 65 inasema *law nashaa'u laja'alnaahu hutaaman*, na muda mfupi baadaye, kuhusu maji, aya ya 70 inasema *law nashaa'u ja'alnaahu ujaajan*, bila lam. Jawabu likikanushwa kwa *maa*, lam huachwa zaidi, kama *walaw shaa'a rabbuka maa fa'aluuh* katika Sura Al-An'am, aya ya 112. Katika magazeti ya leo utakuta *lamaa* kwa wingi. Siihesabu kuwa kosa, ila kwa anayejifunza ni afadhali azoee ya Qurani. Na jawabu likikanushwa kwa *lam*, lam ya jawabu haingii kamwe: *law lam tadrus lam tanjah*. Sukuni mbili unazoziona hapo, tena, ni za *lam* ya kukanusha.

Je, mudhari haujii baada ya *law*? Unakuja, nawe umekwisha kuuona katika *nashaa'u*. Linganisha na *yasha'* tuliyoisoma baada ya *in*: kitendo ni kilekile, lakini baada ya *law* alifu imebaki na dhumma imebaki. Na mudhari huo mara nyingi hurudi kwenye maana ya uliopita. Aya ya 7 ya Sura Al-Hujurat inasema *law yutii'ukum fii kathiirin mina l-amri la'anittum*, lau angaliwatii katika mambo mengi mngalitaabika. Kwa hiyo hata ungetaka kubaki na mudhari katika sentensi yako ya tatu, ungeandika *law tadrusu lanajahta*, dhumma kwenye sharti na madhi kwenye jawabu. *Latanjah* ilikuwa na makosa mawili, la sukuni na la mudhari katika jawabu lenye lam.

Jambo la mwisho kuhusu *law* ni kwamba hufuatwa na *anna* bila tatizo, ambapo *in* na *idha* hazikubali: *walaw annahum sabaruu hattaa takhruja ilayhim lakaana khayran lahum*, katika Sura Al-Hujurat, aya ya 5. Usiweke *fa* katika jawabu lake. Na usiichanganye na *law* inayokuja baada ya vitendo vya kupenda na kutamani, kama *yawaddu ahaduhum law yu'ammaru alfa sanah* katika Al-Baqara, aya ya 96. Hiyo haina jawabu, kwa sababu si ya sharti. Inafanya kazi ya *an* ya masdari, na kitendo chake kina dhumma kwa kuwa *law* hainasibu.

Ukirudi kwa mwalimu wako, mpelekee sentensi moja kwa kila zana katika wingi, si katika umoja, kwa maana wingi hauwezi kuficha kosa: *in tadrusuu tanjahuu*, *idha darastum najahtum*, *law darastum lanajahtum*. Kisha ongeza ya nne, *idha tadrusuuna tanjahuuna*, umwonyeshe kwamba nuni zimebaki kwa sababu unajua *idha* haijazimu.